Hasara ya Shilingi Sabini na Tano

Shangazi Justa alipoanza kuwataja ng'ombe wa mahari, Euphrasia alikuwa amekishika kikombe cha uji, akasahau kukiweka chini.

"Kina Herman wamekubali ishirini," shangazi alisema huku akipepeta mtama mlangoni. "Ishirini, mwanangu! Mimi nilitolewa kumi na wawili, tena mmoja wao chongo. Chuo ulichosoma kimelipa. Baba yako hatalala kwa kuhesabu mikia."

"Na kina Herman watabaki na wangapi?" Euphrasia aliuliza kwa sauti ndogo. Sauti yake ilikuwa ndogo siku zote. Hata alipokuwa mwalimu mwanafunzi, watoto wa dawati la nyuma walikuwa wakimwomba arudie.

"Shauri yao! Zizi lao litabaki na samadi." Shangazi akacheka mpaka pumba zikamwingia puani.

Euphrasia naye alitaka kucheka, lakini kicheko kikakwama. Alikuwa amekumbuka taarifa iliyokuwa ikimsubiri ofisini, taarifa aliyoipiga chapa mwenyewe siku iliyotangulia bila kuishtukia. Uji ukammwagikia kwenye kanga.

"Umeungua?"

"Hapana, shangazi. Nimechelewa kazini."

Ilikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na nane, mwezi wa kuvuna pamba, na barabara za Shinyanga zilikuwa nyeupe kwa nyuzi zilizopeperuka kutoka kwenye malori. Euphrasia alikuwa karani wa hesabu katika ofisi ya maendeleo, mwanamke pekee kati ya makarani, na meza yake ilikuwa pembeni, nyuma ya kabati, mahali alipopapenda. Mkubwa wake wa karibu alikuwa Cornel, karani mwandamizi, Mhaya mcheshi aliyevaa tai hata siku za joto la kuyeyusha nta. Juu ya wote alikuwa Bwana Harding, Mwingereza mwembamba asiyeisha mafua, ambaye aliletwa kupima kila mradi wa serikali kama unarudisha fedha yake.

Safari hii zamu ilikuwa ya shule ya wakunga wa vijijini huko Kharumwa. Kila mwaka shule hiyo ilichukua wasichana kumi na wawili, ikawafundisha kuzalisha, kufunga kitovu kwa uzi safi na kuzuia damu, kisha ikawarudisha vijijini kwao. Fedha ilikuwa ya umma. Kamati ingekaa mwisho wa mwezi, na kama manufaa yasingezidi gharama, shule ingefungwa. Cornel ndiye aliyeandika taarifa. Manufaa yalizidi gharama kwa shilingi mia nne thelathini na mbili. Kidogo, lakini yalizidi.

"Kaka Cornel," Euphrasia alisema alipoingia, hata salamu akaisahau, "wale ng'ombe."

"Ng'ombe gani tena asubuhi hii? Shikamoo haipo? Mwangaluka haipo?"

"Ng'ombe wa mahari. Kwenye taarifa."

Cornel akatabasamu. Sehemu hiyo aliiona fahari yake. Alikuwa amewauliza wazee wa baraza: shule hii imewafaa nini? Nao, kwa sauti moja, walimjibu kwamba msichana aliyesomea ukunga anatolewa ng'ombe wanane zaidi ya mwenzake ambaye hakusoma. Kwa bei ya mnadani, ng'ombe mmoja ni shilingi mia. Wasichana kumi na wawili, ng'ombe wanane kila mmoja: shilingi elfu tisa na mia sita, papo hapo.

"Papo hapo, dada. Hata kuzipunguza kwa miaka haihitajiki," alisema. Kisha, kwa kuwa alipenda kufundisha, akaendelea ingawa hakuulizwa. "Unajua kwa nini tunapunguza. Serikali inakopa kwa asilimia sita. Shilingi utakayoipata mwakani, leo ni senti tisini na nne tu, kwa sababu senti tisini na nne ukiziweka leo zitazaa na kufika shilingi. Ya miaka kumi ijayo ni senti hamsini na sita. Ya miaka ishirini, senti thelathini na moja. Kila mwaka unaoingoja unaing'ata. Lakini ng'ombe wa mahari wanakuja harusini! Hawang'atwi hata kidogo."

"Wanakuja kutoka wapi?"

"Kwa bwana harusi. Kwani wanatoka mbinguni?"

"Basi kwa bwana harusi wamepungua."

Tabasamu la Cornel lilibaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Kama tunahesabia faida ya baba mmoja, sawa," Euphrasia alisema huku akiangalia mikono yake. "Lakini tunahesabia umma. Zizi la huku limeongezeka wanane, la kule limepungua wanane. Nchi haikupata hata ndama. Wamehama tu."

Nje lori la pamba lilipita likipiga honi. Cornel alikaa taratibu, akaivuta taarifa, akaikata safu ya ng'ombe kwa kalamu ya risasi, akajumlisha upya. Euphrasia aliona rangi ikimtoka.

"Mayo!" Cornel alisema, yeye ambaye hakuwa Msukuma. "Gharama elfu kumi na nane. Manufaa yaliyobaki elfu nane mia nane na ushee, zile ada ambazo familia zinawalipa wakunga. Tumeiua shule."

"Na ada nazo," Euphrasia alisema, na alitamani ardhi immeze kwa kuongeza hilo. "Ada nazo zinahama. Zinatoka kwa familia, zinamlipa mkunga jasho lake na dawa anazonunua. Hiyo ni bei ya kazi, kaka. Inakaa upande wa gharama. Manufaa ni kile ambacho familia inapata."

"Inapata nini?"

"Mama aliye hai. Mtoto aliye hai. Hatukuandika hata mmoja."

Cornel akaifunga taarifa. "Dada, wewe mtu akikusikiliza unaongea kama panya, lakini unatafuna kama fisi." Akasimama, akanyoosha tai. "Twende kwa Bwana Harding kabla hajaipeleka Dar es Salaam tukachekwa."

Bwana Harding aliwasikiliza na leso puani. Hakukasirika. Alisema kwa Kiswahili chake cha sheria na amri kwamba ni kweli, ng'ombe waondolewe, na ada zihamishwe. Kisha akamtuma Euphrasia Kharumwa akalete idadi ya vifo: kabla ya shule na baada ya shule. Bei ya uhai angemweleza akirudi.

"Bei ya uhai," Cornel alirudia walipotoka mlangoni. "Umesikia?"

Euphrasia alisikia. Lakini wakati huo aliona ni jambo jema. Alidhani kitu kikipewa bei, watu wataanza kukiheshimu.

*

Mwamvua binti Ramadhani, mkuu wa shule ya Kharumwa, alikuwa mama wa makamo kutoka Tabora, mnene, mwenye mikono myepesi. Miaka mitano alikuwa amefundisha katika banda la matofali mabichi lenye vitanda sita. Alimpokea Euphrasia kwa wali na maziwa ya mgando, akamwita mwanangu, akamwonyesha wasichana wakijifunza kuzalisha kwa mdoli wa magunia. Mmoja alimvuta mdoli kichwa kikabaki ndani, na wote wakaangua kicheko.

"Wewe Limi, huyo umemchinja!" Mwamvua alifoka, naye akicheka. "Rudisha, uanze upya. Mama yake anakutazama."

Baadaye walikaa kivulini, na kicheko kikaisha. Kabla ya shule, alisema Mwamvua, katika vijiji vya kundi moja la wakunga wake walikuwa wakifa wazazi watano kwa mwaka wakijifungua. Sasa watatu. Aliwajua kwa majina, waliokufa na waliopona.

"Wawili kila mwaka," alisema. "Waandikie hao wakubwa. Kundi moja la shule hii linaokoa mama wawili kila mwaka, mbali na watoto."

Bwana Harding alikuwa amemwelekeza Euphrasia asiishie hapo, alinganishe na kwingine. Akaomba lifti kwenye lori la wachimbaji, akaenda hadi vijiji vya upande wa Nyarugusu. Huko hakukuwa na mkunga hata mmoja aliyetoka shuleni, ingawa watu walikuwa karibu idadi ile ile, wakulima wakichanganyika na wasaka dhahabu. Akakaa na wake wa wachimbaji na wazee wa vijiji, akauliza. Huko nako walikuwa wakifa watano. Sasa wanne. Barabara ilikuwa imechongwa kwa ajili ya mgodi, na mzazi aliyezidiwa aliweza kupakiwa kwenye lori hadi hospitali.

Aliporudi Kharumwa kuaga, Mwamvua alimwuliza amepata nini, na Euphrasia hakujua kusema uongo.

"Kule nako kumepungua kifo kimoja, mama. Bila shule. Ni barabara. Na barabara hiyo inapita kwenu pia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kati ya wale wawili, mmoja angeokolewa na barabara. Shule naihesabia mmoja."

Mwamvua alimtazama kana kwamba amempiga kofi. "Unaninyang'anya mmoja?"

"Sikunyang'anyi, mama..."

"Nimewashika kwa mikono hii! Justina wa Nyijundu nimemkalia mpaka jua likazama na kuchomoza, damu ikinifika viwikoni. Unaniambia Justina kaokolewa na lori?"

"Sijui kama ni Justina," Euphrasia alisema, machozi yakimlengalenga. "Hakuna anayejua ni yupi. Najua tu kwamba bila shule wangekufa wanne, na kwa shule wamekufa watatu. Nikiandika wawili, mtu wa Dar es Salaam atauliza, na akigundua, hatatuamini hata kwa huyo mmoja."

Mwamvua alisimama, akaanza kukunja shuka ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa. Alisema bila kugeuka, "Na watoto?"

"Wanne kila mwaka, baada ya kutoa wa barabara."

"Haya. Nenda na huyo mmoja wako. Lakini umtunze njiani."

*

Bwana Harding alikuwa mtu wa utaratibu. Alimkalisha Euphrasia mbele ya meza yake, akachora mstari katikati ya karatasi, na akamweleza bei ya uhai kama mtu anavyoeleza jinsi ya kupima shamba.

Mtu, alisema, huzalisha. Mwanamke wa hapa halipwi mshahara, hivyo vitabu vingi vingempa sifuri. Lakini yeye, Harding, hakuona haki katika hilo: kama mke hayupo, mume atakodi kibarua wa kupalilia pamba na wa kuchota maji, kwa hiyo kazi yake ipewe bei ya kibarua, shilingi mia tatu kwa mwaka. Euphrasia alikubali kwa kichwa. Alifurahi, hata akamwona Bwana Harding mtu mwema.

"Lakini mtu pia anakula," Bwana Harding aliendelea, akipenga mafua. "Anakula na kuvaa shilingi mia mbili. Taifa linabaki na mia. Hiyo mia ndiyo thamani yake. Andika mia, kwa miaka ishirini na mitano, punguza kwa asilimia sita."

Kalamu ya Euphrasia ikasita. Akaandika. Mama mmoja aliyeokolewa, thamani ya leo, shilingi elfu moja mia mbili sabini na nane. Mama mmoja kila mwaka kwa miaka kumi ambayo wakunga wa kundi moja watafanya kazi, ukipunguza tena, elfu tisa mia nne na nane. Gharama, pamoja na jasho la wakunga na dawa zao kwa miaka hiyo kumi, zilikuwa elfu ishirini na sita mia nane thelathini na mbili. Shule ilikuwa mbali, mbali sana.

"Bado watoto," alisema kwa matumaini.

"Ndiyo. Watoto. Fanya mmoja, kisha zidisha."

Alirudi kwenye meza yake nyuma ya kabati. Mtoto anayeokolewa leo atakula na kuvaa, kwa wastani, shilingi sabini kwa mwaka kwa miaka kumi na mitano, bila kuzalisha kitu. Miaka hiyo iko karibu, haijang'atwa sana: thamani ya leo shilingi mia sita themanini. Kisha atakuwa mtu mzima, ataliachia taifa ziada ya shilingi mia kila mwaka kwa miaka thelathini na mitano. Ni fedha nyingi. Lakini ziko mbali, na kila mwaka wa kungoja umeshazing'ata. Alipiga hesabu. Mia sita na tano.

Akatoa. Akadhani amegeuza safu. Akapiga tena, kwa mkono, bila jedwali, taratibu kama alivyowafundisha watoto wa darasa la nne. Jibu likawa lile lile.

Hasara, shilingi sabini na tano.

Euphrasia alikaa akiitazama namba hiyo mpaka macho yakaanza kuwasha. Mtoto mmoja akiokolewa, hasara ni shilingi sabini na tano. Watoto wanne kwa mwaka, hasara mara nne. Kila mara Limi atakapofunga kitovu vizuri kwa uzi safi, taifa litakuwa maskini zaidi. Na kama ni hivyo, basi mkunga mzembe, anayekata kitovu kwa kisu chenye kutu, analitajirisha.

Akaisukuma karatasi mbali naye.

"Una nini?" Cornel aliuliza. Alikuja akasimama nyuma yake, akasoma. Kwa kawaida angetania. Safari hii alivua miwani, akaisugua kwa tai, akaivaa, akasoma upya.

"Umekosea mahali."

"Nimerudia mara tatu."

"Basi rudia mara ya nne!" Akanyakua kalamu, akapiga mwenyewe akiwa amesimama. Alipomaliza aliiweka kalamu chini polepole, kama kitu kilicho moto. "Mimi nina watoto watano," alisema. "Wa mwisho ana miezi mitatu."

Kisha Cornel akasema kwa hasira, "Mbona hesabu ni sahihi? Hesabu sahihi inawezaje kusema upuuzi?"

Euphrasia aliichukua karatasi akaenda nayo nyumbani. Wakati shangazi akiwa na wageni wa kina Herman, yeye alikaa jikoni akipakua ugali, na akawasikia wakicheka na kutafuna. Akamtazama mtoto wa jirani aliyejipenyeza mlangoni, shavu limetuna kwa tonge la nyama, macho yamefumba kwa utamu. Anakula, Euphrasia aliwaza. Anakula sehemu yake ya shilingi sabini. Ni hasara ya nani? Si yake. Yeye anafaidi.

Akakishika chungu kwa mikono miwili, akasimama wima.

*

Kamati ilikaa katika ukumbi wa baraza. Bwana Harding alikuwa mwenyekiti. Kulikuwa na wajumbe wanne, na aliyesikilizwa kuliko wote alikuwa Mzee Maganga, mwakilishi wa watemi, mzee mrefu mwenye koti la jeshi na kifua cha kikohozi. Euphrasia alikuwepo kusoma namba tu. Cornel alikaa karibu naye akimkanyaga mguu kila alipotetemeka.

Alisoma gharama. Alisoma mama mmoja kwa mwaka. Mzee Maganga akauliza wale ng'ombe wamekwenda wapi, na Cornel akamweleza kwamba wamehama tu, hawakuzaliwa. Mzee akafikiri, akacheka, "Kweli bwana! Wangu wanane wamehamia kwa mkwe wangu, mwizi yule," na wajumbe wakacheka naye.

Euphrasia akafika mstari wa watoto. Akaishia hapo.

"Soma," Bwana Harding alisema kwa upole.

"Kila mtoto anayeokolewa," Euphrasia alisoma, "hasara, shilingi sabini na tano."

Hakuna aliyecheka. Mjumbe mmoja aliomba arudie, akidhani hakusikia. Alirudia. Mzee Maganga aliweka mkono nyuma ya sikio.

"Hasara ya kuzikwa?"

"Hapana, mzee. Hasara ya kuishi."

Ukumbi ukapoa kama nyumba yenye msiba. Bwana Harding alianza kueleza: si kwamba mtoto hana maana, ni njia ya vitabu, anakula sasa na kuzalisha baadaye, na asilimia sita ni asilimia sita. Alieleza vizuri. Lakini kadiri alivyoeleza, ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjamana, na yeye mwenyewe akaanza kusema polepole, kama mtu anayesikia maneno yake kwa mara ya kwanza.

"Subiri," Mzee Maganga alisema. "Mimi nina miaka sabini. Silimi. Nakula, namshukuru Mungu, nakula sana. Kwa hesabu hii mimi ni kiasi gani?"

Bwana Harding akapenga mafua.

"Sema tu, bwana. Mimi ni mtu mzima."

"Chini ya sifuri," Bwana Harding alisema, na uso wake wote ukawa mwekundu, si pua peke yake. "Na mama yangu pia, kule Leeds." Akaitazama karatasi yake mwenyewe kwa mshangao, kana kwamba kuna mtu aliyeiweka pale kwa siri.

Cornel akamkanyaga Euphrasia mguu kwa nguvu. Euphrasia akasimama. Hakuna aliyekuwa amempa ruhusa.

"Kosa haliko kwenye kupunguza," alisema akiitazama meza. "Shilingi ya mbali ni ndogo, hiyo ni haki, na kwa fedha ya kukopa hatuna budi. Wala haliko kwenye kujumlisha. Kosa liko pale tulipotoa chakula." Akaigusa karatasi kwa kidole. "Tunasema tunahesabia umma. Mtoto akiokolewa, naye ni umma. Chakula anachokula hakikupotea, amekifaidi yeye. Tukikitoa tunakuwa tumesema umma ni sisi tulio mezani, na yeye ni mgeni anayekula chakula chetu. Ndivyo tunavyompima ng'ombe maksai, anazalisha nini na majani yake ni bei gani, kwa kuwa ng'ombe ni mali ya mtu. Mama wa Kharumwa si mali ya serikali. Faida yake haiishii kwa kile anachowaachia wengine."

Alijishtua mwenyewe kwa urefu wa maneno hayo. Lakini hakukaa; alitoa karatasi ya pili aliyoiandika nyumbani.

"Usipotoa chakula inakuwaje?" Bwana Harding aliuliza. Kalamu ilikuwa mkononi tayari.

"Mama mmoja, mia tatu kwa mwaka. Thamani ya leo elfu tatu mia nane thelathini na tano. Mmoja kila mwaka kwa miaka kumi, elfu ishirini na nane mia mbili ishirini na tano. Gharama elfu ishirini na sita mia nane thelathini na mbili. Yanazidi kwa elfu moja mia tatu tisini na tatu. Na hiyo ni kazi yake tu, bwana. Uchungu wa watoto wake wakimkosa, furaha yake, sikuvipa bei. Sijui bei yake."

"Na watoto?"

"Watoto nimewaandika kwa idadi. Arobaini kwa miaka kumi. Nafasi ya bei nimeiacha wazi, na chini nimeandika kwamba haijapimwa, ili asomaye asidhani ni sifuri."

Mjumbe mmoja, mwakilishi wa ushirika wa pamba, akasema mbona mama ni mmoja wakati shule inatangaza wawili. Wakiandikwa wawili, shule ingepita bila hofu. Euphrasia akatikisa kichwa. "Mwingine ni wa barabara," alisema, na safari hii sauti ilikuwa ndogo kabisa, kwa sababu aliiona mikono ya Mwamvua ikikunja shuka.

Bwana Harding alihesabu yote upya mbele yao. Walimsubiri. Kisha akaikunja karatasi ya kwanza mara mbili, akaiweka mfukoni, akasema ataandika Dar es Salaam kwamba njia ile haifai kwa shule, na kwamba yeye ndiye aliyeileta. Shule ikapewa miaka mitatu.

*

Euphrasia alipeleka habari mwenyewe. Mwamvua alimpokea uani, mikono imejaa sabuni, na aliposikia miaka mitatu alipiga kigelegele kilichowatoa wasichana darasani. Walimzunguka Euphrasia, wakamtupia kanga begani, Limi akiongoza wimbo wa harusi uliobadilishwa maneno papo hapo.

Walipotawanyika, Mwamvua alimkalisha kwenye kigoda. "Sasa niambie. Walibishana nini? Watu wa kamati hawatoi fedha bila kubishana."

Euphrasia alifikiri kuficha. Akaona kwamba mama huyu ndiye mwenye haki ya kujua kuliko wote, akamweleza: chakula, asilimia sita, miaka kumi na mitano ya kula, miaka thelathini na mitano ya kungojewa.

Sabuni ilikauka mikononi mwa Mwamvua.

"Mlikaa," alisema hatimaye. "Watu wazima. Mezani. Mkahesabu kama mtoto afe au asife."

"Ndiyo, mama."

"Na ikatoka afe."

"Mara ya kwanza, ndiyo."

"Na nani aliyepiga hesabu hiyo?"

Ndani ya banda, wasichana walikuwa wamerudi kwenye mdoli wa magunia, na sauti ya Limi ilisikika ikihesabu pumzi.

"Mimi," Euphrasia alisema.

Mwamvua alimtazama. Aliinua mkono kama atakayempiga, au kumshika, na mkono ukabaki hewani, haujui uende wapi.